"Indika" na "Sativa": Majina Yasiyosema Kilichomo

Mwalimu mmoja wa biolojia anayefundisha kando ya Ziwa Chala alinisimulia hivi majuzi swali aliloulizwa na mwanafunzi wa kidato cha nne. "Mwalimu, si husemwa kwamba bangi ya indika hulaza na ya sativa huchangamsha akili? Basi mtu akivuta sativa usiku wa kudurusu, pana ubaya gani?" Mwalimu alikiri kwamba alimjibu kwa karipio, na kijana akaenda zake na imani yake ileile. Karipio halikujibu swali, nalo lina jibu.

Tuanze na majina yenyewe. Mwaka 1753 Karl Linnaeus wa Uswidi aliuita mmea huu sativa, yaani uliopandwa. Aliokuwa akiujua ni ule wa Ulaya uliolimwa kwa ajili ya nyuzi, kama sisi wa Taita Taveta tunavyoujua mkonge. Ulevi wake ulikuwa hafifu. Mwaka 1785 Mfaransa Lamarck alipelekewa mimea kutoka India, akaona inalevya kuliko ile ya Ulaya, akaiita indika. Hapo majina yalikuwa na maana. Lakini katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea Richard Schultes aliliweka jina la indika juu ya mimea mifupi yenye majani mapana aliyoikuta Afghanistan, nao wafanyabiashara wakalifuata. Ile mirefu ya majani membamba, yenye asili ya India na iliyoenea hata Afrika, wakaiita sativa. Kwa hiyo inayouzwa leo kwa jina la sativa ni jamaa wa indika ya Lamarck. Majina yamegeuzwa miguu juu, na bado watu huyasoma kama maelezo ya daktari!

Tena mimea hiyo imechanganywa mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipima sampuli 297 kutoka Uholanzi, ukakuta kwamba kwa urithi wa jumla, zilizoitwa indika na zilizoitwa sativa hazitenganiki. Tofauti iliyoonekana ilihusu mafuta machache ya harufu, hasa mirisini, yenye harufu ya udongo. Kwa maneno mengine, lebo ilifuata pua ya mkulima.

Ni kitu gani basi kinachotenda kazi? Kwanza ni kanabinoidi, na kubwa yao ni THC. Hiyo hujishika kwenye vipokezi vya ubongo, vikiwamo vya sehemu inayotunza kumbukumbu mpya. Ndiyo maana anayevuta husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho wake. Kiasi cha THC, njia ya kuitumia na mazoea ya mtumiaji ndivyo vinavyoamua mengi. Ikivutwa, huhisiwa katika dakika chache. Ikiliwa, huweza kukawia saa moja au mbili, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu. Hapo ndipo wengi huongeza kipande cha pili wakidhani cha kwanza kimeshindwa.

CBD, kanabinoidi ya pili kwa umaarufu, hailevyi, na imesifiwa kuwa hutuliza makali ya THC. Jaribio moja la London lililochapishwa mwaka 2023 liliwapa watu 46 miligramu 10 za THC pamoja na CBD hadi miligramu 30. Haikuwakinga, si kumbukumbu zao wala wasiwasi wao.

Ama terpini, hizo ni harufu. Limonini imo katika ganda la chungwa. Mirisini imo hata katika maembe, nasi hatujasikia wala maembe wa Taveta wakisinzia sokoni. Hata hivyo nisizidharau. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani waliwapa watu 20 mvuke wa miligramu 30 za THC, na walipowaongezea baadhi yao miligramu 15 za limonini, hofu ilipungua. Lakini tupige hesabu. Chukua ua lenye THC asilimia 20 na limonini nusu asilimia. Mwenye kupata miligramu 30 za THC kutoka kwalo atapata limonini isiyofika hata miligramu moja. Dozi ya maabara haikuwa ile ya mmea. Na hata pale hofu ilipopungua, ulevi wenyewe haukuondoka.

Mwanafunzi wa Chala, basi, akiambiwa hii ni sativa, ameambiwa habari ya jani au ya harufu. Hakuambiwa kiasi cha THC, na katika soko la kujificha hakuna aliyekipima. Kitakachofika ubongoni usiku ule wa kudurusu ni THC, nayo itagusa kumbukumbu ileile anayotaka kuijaza. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 nayo haikujishughulisha na lebo: inataja jenasi nzima ya mmea huo.

Mwalimu yule ameniambia atamwita kijana tena, safari hii na ganda la chungwa mkononi.