Maoni Yetu: Bodi ichapishe sura za tembe zetu

Mgonjwa wa presha akitoka zahanatini Kiganjo, mara nyingi hubeba tembe zake ndani ya kibahasha. Mhudumu amezihesabu kutoka kopo la tembe 1,000, akaandika "1x1" kwa kalamu, na kazi imekwisha. Nyumbani kuna vibahasha vingine: cha sukari, cha mwezi uliopita, na kile alichoacha shemeji. Wino ukifutika, kinachobaki mkononi ni tembe nyeupe ya mviringo. Hapo ndipo kijana wa nyumbani hutoa simu na kuitafuta kwenye tovuti za kutambua dawa. Ama anaikosa, ama anapata dawa isiyo yake. La pili ndilo baya zaidi.

Si jambo dogo katika kaunti hii. Serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote Desemba 2018, Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti nne zilizochaguliwa, na sababu ilikuwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza kama kisukari na presha. Wagonjwa hao humeza dawa kila siku, tena zaidi ya aina moja.

Tovuti hizo zinafanya kazi kwa utaratibu rahisi. Kila dawa iliyomo imeandikiwa chapa yake, yaani herufi na nambari zilizogandamizwa kwenye tembe, pamoja na umbo, rangi, ukubwa kwa milimita, na kama ina mstari wa kukatia. Rangi huchaguliwa kutoka orodha fupi, kwa hiyo krimu na maziwa huweza kuishia kwenye nyeupe. Chapa ndiyo inayoamua. Umbo na rangi hupunguza tu wingi wa majibu. Andika L484, chagua nyeupe na umbo refu, na jibu ni moja: acetaminophen ya miligramu 500, dawa ile ile tunayoiita paracetamol. Ondoa chapa, ubaki na "nyeupe, mviringo", na utaletewa mamia ya dawa zisizohusiana hata kidogo.

Chapa hizo zina nguvu Marekani kwa sababu ya sheria. Kanuni ya mwaka 1993, iliyoanza kutekelezwa 1995, inadai kila tembe au kapsuli inayouzwa huko, isipokuwa chache zilizosamehewa, iwe na chapa ambayo ikiunganishwa na umbo, rangi na ukubwa itaonyesha ni dawa gani na ya kampuni gani. Mtengenezaji huwasilisha maelezo hayo kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko, FDA, anapoorodhesha bidhaa yake, na tovuti nyingi huchota humo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilikuwa na chombo chake cha bure, Pillbox, hadi ilipokifunga mwaka 2021. Zilizobaki zinategemea orodha hiyo hiyo. Hata zile zinazotambua kwa picha hulinganisha picha yako na picha zilizokwisha kuhifadhiwa. Dawa ambayo haikuwahi kupigwa picha haina cha kulinganishwa nacho, ila mashine bado itakutajia inayofanana nayo zaidi.

Pengo hilo linaonekana wazi kwenye dawa ya malaria. Tuseme askari aliyefunzwa katika chuo cha polisi hapa Kiganjo amerudi likizo kutoka kituo chake pwani na tembe mbili za njano ambazo hazikuisha. Ya kwanza ni Coartem, yenye N/C upande mmoja na CG upande wa pili. FDA iliiidhinisha mwaka 2009, kwa hiyo tovuti inaitaja mara moja. Ya pili ina viungo vile vile, artemether na lumefantrine, kwa vipimo vile vile vya miligramu 20 na 120, lakini imetoka kiwanda kisichouza Marekani. Tovuti haiijui. Huyo askari akidhani ya pili ni bandia, amekosea. Na akiamini ya kwanza ni halisi kwa kuwa imeonekana, huenda amekosea pia, maana mwenye kughushi dawa huanza kwa kuiga chapa.

Turudi kwenye tembe nyeupe ya yule mgonjwa wa presha. Ina mstari wa kukatia upande mmoja, haina herufi yoyote. Kwa Mmarekani, kukosa chapa ni ishara kwamba labda ni vitamini, dawa ya mitishamba, bidhaa ya nje au haramu, na tovuti zenyewe huonya hivyo. Kwa Nyeri ishara hiyo haina maana, kwa sababu dawa halali tele zilizosajiliwa nchini hazina chapa upande wowote. Mgonjwa huyu huenda anashika amlodipine ya miligramu 5, ya presha. Huenda pia anashika glibenclamide ya miligramu 5, ya sukari, kwani baadhi ya aina zake ni nyeupe na za mviringo. Asiye na kisukari akimeza hiyo ya pili, sukari yake inaweza kushuka hadi atoke jasho, atetemeke, achanganyikiwe, au azirai. Hakuna picha ya simu itakayotenganisha hizo mbili.

Kwa hiyo tunaitaka Bodi ya Dawa na Sumu ifanye mambo mawili. La kwanza halihitaji utafiti mpya. Kampuni inapoomba kusajili dawa, faili lake hueleza sura ya tembe: rangi, umbo na chapa kama ipo. Maelezo yamo tayari makabatini. Leo rejista ya Bodi hukusaidia ukiwa unalijua jina la dawa, na jina ndilo hasa mgonjwa alilolipoteza. Bodi iongeze safu tatu hizo na picha ya pande mbili za tembe, kisha iruhusu umma kutafuta kwa sura.

La pili ni chapa yenyewe. Kila tembe inayosajiliwa Kenya, ya humu na ya nje, ipewe alama isiyofanana na ya nyingine. Viwanda vitalalamika kwamba vyuma vya kugandamizia tembe ni ghali kubadilisha, na ni kweli. Marekani ilitoa miaka miwili. Nasi tutoe miwili, tuanze na dawa za presha, sukari, moyo na kifafa, ambazo kosa lake huumiza haraka.

Hata hayo yakifanyika, sura ya tembe haitaonyesha tarehe ya kuharibika wala nambari ya toleo, maana hizo huandikwa kwenye pakiti au kopo. Kwa hiyo hospitali, zahanati na kemisti zisisubiri Bodi. Kila kibahasha kiandikwe jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, nambari ya toleo na tarehe ya kuharibika, kwa maandishi yanayosomeka. Anayepewa "1x1" bila jina aulize kabla ya kuondoka dirishani. Na tembe ambayo jina lake limepotea irudishwe kwa mfamasia, wala isimezwe kwa kukisia.