Uuzaji wa parseli: komisionere wawili, mnunuzi mmoja, nani alipwe?

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, nyumba na parseli nyingi zinauzishwa kwa mkono wa komisionere. Huyu si mwenye mali, tena si mwanasheria. Kazi yake ni kutafuta mnunuzi, kumtembeza, kuwakutanisha watu wawili na kusaidia bei ipatikane. Fitina zinaanza pale feza inapotoka, hasa wakati komisionere wawili wanasimama mlangoni na kila mmoja anasema: "Huyu mnunuzi ni wangu."

Tuchukue mfano unaofanana na mambo yanayoletwa kila mara mbele ya mashefu wa kartie. Mama mmoja mjane anauzisha parseli yake. Anamwambia komisionere wa kwanza: "Uniletee mtu, nitakupa 5 kwa 100." Hakuna kitu kilichoandikwa. Komisionere analeta mnunuzi. Mama anaomba dola 22.000, mnunuzi anatoa 17.000, wanaachana. Komisionere anapiga simu mara mbili, kisha ananyamaza.

Nyuma ya mwezi moja, komisionere wa pili, anayefahamiana na shemeji ya mnunuzi, anamrudisha mtu yule yule. Safari hii wanabishana siku nne na bei inasimama kwa dola 20.000. Wanaandika akti ya uuzaji, mashahidi wanatia sini, mama anamlipa wa pili dola 1.000. Wa kwanza anapata habari anapoona mafundi wanajenga lupango. Anakuja kudai dola 1.000 yake.

Je, mama anadaiwa? Jibu linategemea ahadi yake. Kitabu cha tatu cha kodi sivile, kwa artikle ya 33, kinasema mapatano yaliyofanywa kufuatana na sheria yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Kodi hiyo tena inaona kazi ya kumtumikia mtu kwa manda kuwa ya bure, isipokuwa wamepatana malipo. Basi anayesema "niliahidiwa" ndiye wa kuonyesha ahadi. Na hapa "uniletee mtu" ni neno la hatari. Wa kwanza analisikia hivi: nikileta mtu, nimemaliza kazi. Mama alitaka kusema: mtu atakayenunua. Kama ahadi ingekuwa wazi kwa njia ya kwanza, na mama akaahidi wa pili vilevile, angeweza kulipa mara mbili.

Kwa kawaida, kuonyesha nyumba peke yake hakutoshi. Komisionere anastahili feza wakati kazi yake ndiyo iliyozaa uuzaji: bei imekubaliwa, akti imetiwa sini, feza imetoka. Kwa hiyo watu wenye kuamua wanaangalia mambo machache. Muda gani ulipita kati ya kutembezwa na kununua? Bei ilibadilika? Wa kwanza alikuwa bado anafuata mazungumzo, ao alikuwa ameacha? Katika mfano wetu, mwezi mzima na dola 5.000 za tofauti viliondolewa na kazi ya wa pili. Huyo ana haki yenye nguvu zaidi.

Lakini tugeuze kidogo. Kama mnunuzi angerudi siku tatu tu baadaye, kwa bei ile wa kwanza alikuwa amekwisha kuikaribia, na mama akamwambia wa kwanza "parseli haiuzishwi tena", hapo ni ujanja wa kumruka. Artikle ya 258 ya kitabu hicho inamlazimisha mwenye kuleta hasara kwa kosa lake kuilipa. Ila ujanja unahitaji ushuhuda, na wa kwanza hana kitu mkononi.

Ndiyo sababu komisionere wenye akili wanatumia boni ya vizit: karatasi ndogo yenye jina la mnunuzi, anwani ya parseli, tarehe na sini. Haimpi mtu komisyo yenyewe, lakini inamaliza ule ubishi wa nani alionyesha kwanza. Mwenye nyumba naye aandike kama manda ni ya mtu mmoja peke yake, kwa muda gani, ao ni ya yeyote atakayemaliza.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanalisahau. Kwa sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7 1973, haki juu ya udongo inasimama kwa sertifika ya enrejistreman, si kwa akti ya uuzaji peke yake. Komisionere aliyelipwa yote siku ya avansi hana tena haraka ya kufuata makaratasi kwa konservatere. Wengine sasa wanakata komisyo vipande viwili: nusu kwa akti, nusu mutasyo ikiisha.

Kwa shefu wa kartie, mambo kama haya ya mama mjane mara nyingi yanaisha kwa kugawa: wa pili anatoa kidogo kwa dola 1.000 yake, mama haongezi kitu. Shefu ni mpatanishi, hawezi kulazimisha. Asiyekubali anakwenda tribinali, na huko ataulizwa karatasi.