Ukisema "Kwa Kumalizia", Malizia!

Wasee, tuseme ukweli. Mtu akishika maiki akasema "kwa kumalizia", wewe hufanya nini? Unatafuta viatu chini ya kiti, unaanza kuwaza nauli ya kurudi nyumbani. Akili imeshafunga mkoba. Akiongeza dakika kumi hapo, hizo kumi ameongea na viti.

Lakini kabla sijawacheka wengine, wacha nijitoe mimi. Mwaka jana chama chetu kiliniomba niongee kuhusu kununua ploti. Nikaanza vizuri: "Nina mambo matatu. Kwanza, thibitisheni hati kwenye ofisi ya ardhi." Nikaingia stori ya ploti moja kuuzwa kwa watu wanne, watu wakacheka. Nikasema "pia mumtafute mpima ardhi", kisha "halafu kuna mambo ya wakili". Nikakaa, najiona nimeua.

Shangazi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, la pili lilikuwa gani?"

Na nilikuwa nimeyasema yote matatu! Shida ni kwamba "pia" na "halafu" hazimwambii msikilizaji kama umehamia jambo jipya ama bado unaongezea lile la kwanza. Kwake yeye, mpima ardhi alikuwa sehemu ya stori ya hati. Masikio yake bado yalikuwa yanangoja neno "pili". Msomaji akipotea, anarudi juu ya ukurasa. Msikilizaji atarudi wapi?

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: ukitaja namba, ihesabu mpaka mwisho, kwa maneno yale yale uliyoanza nayo. Na namba pekee haitoshi. "Jambo la pili" ni kibao cha barabarani kisicho na jina la mji. Ningesema hivi: "Hayo ni ya hati. Jambo la pili ni mipaka: mpima ardhi awaonyeshe mawe ya mpaka kabla hamjalipa." Sentensi ya kwanza inafunga mlango, ya pili inafungua mwingine na kusema ndani kuna nini. Katikati unanyamaza kidogo, watu wapumue.

Wengine husema hii ni tabia ya insha za shule. Kwa video ya sekunde thelathini, sibishani, hapo "kwanza" na "pili" zinakula muda bure. (Na "bila kupoteza wakati" ndiyo hupoteza wakati kuliko zote.) Lakini ukipita dakika tano bila vibao, unawapoteza watu hata kama stori ni tamu.

Mkutano uliofuata nikaomba nirudie. Mwishoni nikasema: "Kwa kumalizia: hati, mipaka, mkataba wa wakili. Msilipe kabla ya yote matatu." Nikakaa papo hapo.

Yule shangazi akainua mkono tena. Safari hii aliuliza wakili analipwa na nani, muuzaji ama mnunuzi.