Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa hospitali moja ya Kismayo

Bwana Mkurugenzi, jina la hospitali yako silitaji. Wewe wajijua, na Kismayo si mji wa kufichana.

Usiku ule unaujua, kwa hiyo nitataja tu lile ambalo wazee hawakuambiwa pale ofisini kwako walipokuwa wakinywa chai yako. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya tumbo la mama aliyetoka kujifungua, nausugua mji wa uzazi ukaze, kwa sababu damu ilikuwa haikati hata baada ya sindano ya oksitosini. Yule bwana aliingia na bunduki begani akitaka nimwache huyo nimhudumie mkewe, ambaye njia yake ilikuwa imefunguka sentimita 4 tu, mimba ya kwanza, saa nyingi bado. Nikamwambia asubiri nje. Akanipiga kofi. Asubuhi ukaniita nikamtake radhi, maana mteja ni mfalme. Nilipokataa, nikahamishiwa stoo kuhesabu glavu. Ahsante kwa cheo hicho, nimekiacha.

Sasa nikuulize: mama wa kisiwa cha Chula au Koyama akiletwa kwa mashua usiku, ataongea na nani? Zamu ile hakuna mkunga mwingine anayejua Kibajuni. Mama akisema anaona ukungu machoni na kichwa kinampasuka, hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba, na mtu wa kuielewa yuko nyumbani.

Somalia iliridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2021, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa. Tulijivunia. Pendekezo namba 206 linaloandamana nao linataka mwajiri anapopima hatari za kazi awahesabu pia wateja, wagonjwa na watu wa nje. Mkataba wenyewe unampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoamini kwa sababu za msingi kwamba uhai au afya yake iko hatarini, wala asiadhibiwe. Haki njema, lakini mimi ningeondokaje? Ningeinua mkono, yule mama angevuja damu mpaka afe. Kazi yetu hairuhusu mkunga akimbie, basi anayetolewa lazima awe mwenye fujo. Na wa kumtoa ni hospitali, si mimi.

Kanuni ningeziandika hivi. Silaha inabaki langoni, kwa mlinzi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Mzazi mmoja, msindikizaji mmoja, na awe mwanamke. Mwenye kutukana anaonywa mara moja, kwa maneno yaleyale kwa kila mtu, awe mvuvi au mwana wa mkubwa. Akirudia, mkuu wa zamu anashuka mwenyewe na walinzi wanamtoa. Mgonjwa wake anaendelea kutibiwa, kwa kuwa hakukosa yeye. Tukio linaandikwa kabla zamu haijaisha: saa, maneno yaliyotamkwa, mashahidi. Na mfanyakazi hahamishwi ila akiomba mwenyewe. Wewe ulinionyesha daftari la matukio lisilo na hata mstari mmoja, ukasema ni dalili ya amani. Hospitali yenye bunduki wodini na daftari jeupe ina wafanyakazi waliokata tamaa ya kuandika.

Utasema mambo kama haya huku kwetu humalizwa na wazee. Kweli, baina ya wenye wazee. Akipigwa muuguzi wa ukoo wenye nguvu, kesho ukoo wake uko langoni na fidia inazungumzwa. Mimi Mbajuni nani aje? Wazee waliokaa kwako wote walikuwa wa upande wake. Kanuni ya hospitali ndiyo ukoo pekee nilionao kazini, nawe uliiuza kwa birika la chai. Mimi nimeondoka; sasa mama wa Chula ataongea na nani?

Wala si wewe peke yako unayevumilia haya. Madaktari Wasio na Mipaka walifunga kazi zao zote Somalia Agosti 2013, baada ya miaka 22 na wafanyakazi 16 kuuawa, watatu kati yao hapahapa Kismayo mwaka 2008. Walilalamika kwamba viongozi huvumilia wanaowashambulia wahudumu. Wao walikuwa na pa kwenda, na baadaye walirejea. Sisi wenyeji hupewa stoo. Mji mzima umezoea kuona kofi analopigwa muuguzi ni gharama ya biashara, na serikali iliyouridhia ule Mkataba namba 190 haijaja kuuliza.

Sitaki radhi ya faragha. Ziandike kanuni hizo kwa Kisomali na Kibajuni, zibandikwe langoni zikiwa na sahihi yako, na yule bwana awe wa kwanza kusomewa atakapomleta tena mkewe. Barua ya kunirudisha wodini ije baada ya hapo.