Msimalize Mahari

Siku posa yangu ilipojibiwa, nilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwa baba mkubwa, Marangu, nimekaa juu ya gunia la mahindi. Shangazi alikuwa kaegemea mlango ili asikie. Niliitwa sebuleni mara moja tu. Baba mkubwa akaniuliza mbele ya watu, "Binti, hawa wageni unawafahamu? Tuwapokee?" Nikajibu kwamba nawafahamu, wapokeeni. Nikapigiwa vigelegele, kisha nikarudishwa kwenye gunia langu.

Niliporudi ndipo mazungumzo yenyewe yakaanza. Orodha ilisomwa na mtu mwenye sauti nzito, kama anayesoma majina ya waliofaulu. Ng'ombe wanne, kila mmoja laki saba. Mbuzi watano, kila mmoja laki moja na ishirini. Mkaja wa mama, laki tano. Blanketi la bibi na la babu, elfu sitini kila moja. Mbege ya wazee, laki mbili na themanini. Jumla ilikuwa shilingi 4,300,000. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, na mimi nilijua mshahara wake kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Hakuna aliyeniuliza.

Mshenga wao akaomba walipe nusu, nusu nyingine ije taratibu. Mjomba wangu akakataa kwa methali ambayo kila Mswahili anaijua: dawa ya deni ni kulipa. Wakaenda, wakarudi baada ya wiki sita na fedha zote. Zikahesabiwa, zikaandikwa, watu wakala, wakanywa. Nilisikia mjomba akisema kwa furaha, "Sasa tumemalizana."

Miezi mitatu baada ya harusi nilikuta karatasi ya mkopo kwenye begi la mume wangu. Makato ya shilingi 180,000 kila mwezi, kwa miezi thelathini. Ukizidisha unapata 5,400,000. Alikuwa amewalipa wazazi wangu kwa fedha ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nikizilipa, kwa kula dagaa siku za nyama na kuahirisha godoro. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekwambia ungedhani nakuona ghali." Na kwa nini mimi sikumuuliza alikozitoa? Kwa sababu niliogopa aone nawatetea wazazi wangu. Tulikuwa tumeheshimiana mpaka tukaingia kwenye deni.

Tangu siku hiyo nimesikiliza mabishano mengi ya vijana wenzangu kuhusu mahari, na naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Upande mmoja unasema mahari yafutwe, binti si bidhaa. Upande wa pili unasema kijana ajipange alipe yote kwa mkupuo, aondokane na maneno ya wakwe, awe huru. Wanaonekana kama mahasimu, lakini wote wanakubaliana kwamba mahari ni bei. Mmoja anaikataa bei, mwingine anataka kuilipa na kuchukua risiti. Mimi nasema ubaya uliingia pale tulipoanza kumaliza.

Muulizeni bibi yeyote wa mlimani mahari yake yalikwisha lini. Bibi yangu hucheka akiulizwa. Mbuzi mmoja alikuja kabla hajaolewa, mwingine alipojifungua mtoto wa kwanza, mwingine kaka yake alipojenga. Kila mnyama alikuja na watu wanaomswaga, na watu wale walikaa, wakapewa mbege, wakauliza mtoto anaendeleaje. Mbuzi asiyelipwa ndiye aliyewapa sababu ya kurudi. Siku hizi ng'ombe amekuwa namba, namba inatumwa kwa simu, na simu haina miguu ya kuingia uani na kuona kama binti yenu amekonda.

Hata majina ya vitu kwenye orodha yanasema hivyo. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mama tumboni baada ya kuzaa. Kwa watu wa Pwani kuna pia ubeleko, yaani nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Vitu hivi vinamwambia mama wa binti, tunajua ulibeba, tunajua ulifungwa tumbo. Ukigeuza mkaja kuwa laki tano ndani ya bahasha, unabaki na laki tano. Mama yangu alizipokea zile zangu na hakumbuki alizifanyia nini.

Tena Pwani kuna fundisho jingine tunalolipita bila kulitazama. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Yeye ndiye anayeyataja, na yeye ndiye mwenye mali. Wanaweza kukubaliana sehemu itolewe sasa na sehemu ibaki kwa baadaye, na hakuna anayeona aibu. Sisi wa bara tunaweza kubaki na ng'ombe wetu, lakini tunaweza kujifunza hilo la kumuuliza binti kabla, badala ya kumwita sebuleni aseme "nawafahamu".

Nitawatendea haki wazee wangu. Hawakudai yote siku moja kwa uroho. Mume wangu ni Mluguru, na kwao ukoo unafuata upande wa mama. Wazee wetu walipomwelekea baba yake, yeye akasema kwa upole kwamba msemaji ni mjomba wa kijana. Kwao hiyo ilikuwa heshima kamili. Kwetu ilionekana kama baba anakwepa. Ndani ya dakika kumi wazee walishaamini kwamba watu hawa wakiondoka hawatarudi, na ndipo kauli ya "dawa ya deni" ikatoka. Hofu ya kutoaminiana ndiyo iliyodai fedha taslimu. Kama mimi au mume wangu tungewaeleza mapema nani atasema nini na kwa nini, pengine ile nusu ingekubalika.

Mdogo wangu alipochumbiwa miaka minne baadaye, nilikataa arudie gunia langu. Nilimwambia akae kwanza na mchumba wake, wawili tu, na waanze na swali moja: una kiasi gani ambacho si cha kukopa? Yule kijana, fundi umeme, akasema ana milioni moja na nusu, na zaidi ya hapo ni mkopo. Kusema hivyo mbele ya mwanamke unayetaka kumwoa ni kazi ngumu kuliko kulipa. Lakini likishasemwa, familia haziwezi tena kuwagombanisha kwa jambo wasilolijua.

Hatua ya pili, mdogo wangu hakwenda kwa baba mkubwa. Binti kumtajia mzee kiasi cha mahari yake mwenyewe ni kumvunjia heshima, na mzee aliyevunjiwa heshima hupandisha idadi ya ng'ombe. Alimwambia shangazi, na shangazi ndiye aliyelipeleka kwa kaka yake jioni moja, kama wazo lake. Kwa upande wa pili, kijana alimweleza mshenga wake ukweli uleule. Kwa hiyo siku ya kikao wazee walijadiliana kwa madaha yao yote, wakatozana faini ya kuchelewa, wakavutana, lakini mipaka ilikuwa imeshajulikana. Heshima ya wazee ilibaki kwao, na ukweli wa wachumba ulikuwa ndani ya chumba.

Hatua ya tatu ilikuwa kutenganisha orodha. Mkaja, mablanketi na mbuzi mmoja vilikuja vyenyewe, vikaonekana kwa macho, bibi akajifunika blanketi lake hapohapo. Thamani yake haikuzidi laki nne. Ng'ombe mmoja alitolewa kwa fedha, laki saba. Ng'ombe watatu waliobaki waliachwa wabaki, waje kwa miguu yao siku ambazo familia itakuwa na jambo. Kijana akaondoka na laki nne za kuanzia maisha na bila karatasi ya benki.

Sasa najua mtakachoniambia, na ni kweli. Deni la mahari limewaumiza watu. Kuna misiba ambako wakwe wamezuia mazishi ya binti yao mpaka ng'ombe watolewe, huku watoto wakilia nje. Kuna baba walioambiwa watoto si wao kwa sababu hawakumaliza. Kuacha mahari wazi bila maneno ni kuacha kisu mezani.

Ndiyo maana hatua ya nne iliandikwa. Daftari mbili, kila familia na yake: kilichotolewa, kilichobaki, na sentensi moja kwamba kilichobaki hakitamzuia mke, hakitawazuia watoto, na hakitadaiwa kwenye msiba. Mjomba, yuleyule wa dawa ya deni, alisita kusaini. Baba mkubwa akamtazama akasema, "Maiti haidaiwi." Akasaini.

Sheria nazo zimeshatusogeza huko, kama tungezisoma. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaihesabu ndoa iliyotimiza masharti mengine kuwa halali hata kama desturi ya mahari haikutimizwa. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema pale mahari yanapotakiwa kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Na Uganda, mwezi Agosti 2015, Mahakama ya Juu ilikataa kuyafuta mahari, lakini ikaamua kwamba kudai yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahakama ile iligusa kidonda chenyewe. Anayedai kurudishiwa ni yule aliyeamini kwamba alinunua, na anayeamini alinunua ni yule aliyepewa risiti yenye neno "imekamilika".

Kwa hiyo ninyi mnaojiandaa kupeleka barua ya posa, msijisifu kwamba mtalipa yote. Na ninyi wazazi, msijisifu kwamba binti yenu alitolewa taslimu. Waulizeni watoto wenu fedha zinatoka wapi kabla hamjazihesabu.

Mwaka jana mdogo wangu alijifungua. Wakwe zake walikuja Marangu na ng'ombe mmoja, dume jeusi lililomkanyaga mjomba kidole cha mguu. Walilala siku mbili. Mama mkwe alimwosha mtoto, akamkemea mdogo wangu kwa kutokula vizuri, akaacha pesa ya maziwa kwa siri chini ya mto. Wamebaki na ng'ombe wawili. Mama yangu amewasindikiza hadi barabarani, akawaambia wasiharakishe.

Wakwe zangu mimi walimaliza siku ile. Tangu harusi hawajawahi kufika Marangu, na sijui niwaite kwa sababu gani.