Safu ya Jikoni: Vifuniko Vitatu vya Maziwa

Wanaklabu, toleo hili tunashuka hadi kwenye rafu ya maziwa. Kila anayefika Uingereza huzikuta chupa tatu zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya kifuniko, na bei yake ni ileile au karibu sawa. Kwa kawaida buluu ni maziwa yenye krimu yake, yale tuliyozoea nyumbani kuyaita fulkrimu. Kijani ni yaliyopunguzwa krimu karibu nusu, na nyekundu ni yaliyoondolewa krimu karibu yote. Rangi ni desturi ya wauzaji tu, kwa hiyo ukitaka uhakika geuza chupa usome lebo ya nyuma.

Kwenye lebo hiyo, mstari wa mafuta kwa kila mililita 100 husomeka hivi: buluu kama gramu 3.6, kijani kama gramu 1.8 au pungufu kidogo, na nyekundu gramu 0.1 hadi 0.3. Hizo ndizo asilimia zinazotajwa kwenye maziwa. Mililita 100 za maziwa zina uzito wa kama gramu 103, basi unaweza kuchukua gramu kwa mililita 100 kuwa ndiyo asilimia bila kupotoka sana. Sheria nayo imeweka mipaka: ya buluu yasipungue asilimia 3.5, ya kijani yawe kati ya 1.5 na 1.8, na ya nyekundu yasizidi 0.5.

Ubishi huanzia hapo. Kuna wanaosema, "Asilimia tatu na nusu ni kitu gani? Katika mia moja, tisini na sita si mafuta!" Ni kweli kwa uzito. Lakini sehemu kubwa ya uzito huo ni maji, na maji hayana kalori. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, hali gramu moja ya sukari au protini hutoa 4. Chukua maziwa ya buluu: gramu 3.6 mara 9 ni kalori 32. Angalia sasa mstari wa nishati kwenye lebo, pale palipoandikwa kcal: jumla ni kama 64. Maana yake nusu ya nguvu yote unayoipata katika maziwa hayo inatoka kwenye mafuta. Fanya hivyo kwa kijani: 1.8 mara 9 ni 16, na jumla ni 50, yaani theluthi. Kwa nyekundu jumla ni kama 35, na mafuta yanachangia kalori moja hadi tatu hivi. Hesabu hii ya kuzidisha kwa 9 na kulinganisha na jumla inafaa kwa mtindi, jibini na kila kitu chenye lebo.

Ubishi wa pili ni mkongwe zaidi: kwamba maziwa ya kijani na ya nyekundu yametiwa maji. Hili lebo yenyewe inalijibu. Tazama mstari wa protini. Buluu ina kama gramu 3.4, kijani 3.6, nyekundu 3.6. Kama mtu angeongeza maji kiasi cha kupunguza mafuta kwa nusu, protini nayo ingeshuka nusu, ifike 1.7. Haishuki, inapanda kidogo. Sababu ni kwamba maziwa huzungushwa kwa kasi kubwa ndani ya mashine, krimu ambayo ni nyepesi hujitenga, kisha kiwandani hurudishwa kiasi kinachotakiwa. Kilichotoka ni krimu tu, na vilivyobaki vinachukua nafasi yake. Ndiyo maana pia sukari kwenye maziwa ya nyekundu inaonekana gramu 5.0 na kwenye ya buluu 4.7. Hakuna aliyetia sukari; ni ile ya asili ya maziwa. Kalisi pia hubaki, kama miligramu 120 kwa mililita 100 katika chupa zote tatu. Kinachopungua pamoja na krimu ni vitamini A, kwa sababu hiyo huishi ndani ya mafuta.

Tuje kwenye chai, maana kwa wengi wetu maziwa hayanywewi kwa glasi bali hupikwa sufuriani na tangawizi na iliki. Tumchukue mwanafunzi anayekunywa vikombe vitatu vikubwa kwa siku, kila kimoja mililita 300, nusu maji na nusu maziwa. Hiyo ni mililita 450 za maziwa. Kwa buluu anapata mafuta gramu 16, kwa kijani gramu 8, na kwa nyekundu si zaidi ya gramu moja na nusu.

Chini ya mstari wa mafuta pana mstari mwingine ulioingizwa ndani kidogo. Huo ni wa yale mafuta yanayoganda, ya jamii ya siagi na samli, ambayo yakizidi hupandisha kolesteroli mbaya katika damu. Katika maziwa, karibu theluthi mbili ya mafuta ni ya aina hiyo: buluu gramu 2.3 kwa mililita 100, kijani 1.1. Kipimo cha siku kinachotumiwa kwenye lebo za Uingereza ni gramu 20, na kwa wanaume ushauri huruhusu hadi 30. Mwanafunzi wetu kwa chai ya buluu peke yake ameshafikisha gramu 10, nusu ya kipimo cha lebo, kabla hajagusa sambusa wala wali wa nazi. Kwa kijani amefika 5, yaani robo. Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba kolesteroli yake iko juu, au ambaye kwao kuna maradhi ya moyo, atapata nafuu ya kweli kwa kubadili kifuniko tu, na chai yake itabaki chai.

Lakini anayebadili kifuniko kwa ajili ya uzito atazame hesabu nyingine. Mililita 450 za buluu zina kalori 288, za kijani 225. Tofauti ni 63 kwa siku. Sasa kama anatia vijiko viwili vya sukari kwa kila kikombe, hivyo ni vijiko sita, na kijiko kimoja cha chai kilicho sawasawa bila kilima kina gramu 4, yaani kalori 16. Sita ni kalori 96. Ameokoa 63 kwenye maziwa na kuingiza 96 kwenye sukari. Gramu zake 24 za sukari pia zimekaribia 30, ambazo ndizo mpaka wa sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima hapa kwa siku nzima. Akipunguza kijiko kimoja kwa kila kikombe ameokoa kalori 48, karibu sawa na kuhama kutoka buluu kwenda kijani.

Na asiye na tatizo la uzito wala kolesteroli? Kuna wenzetu ambao wakati wa mitihani chakula hakipiti, na kikombe cha chai nzito ndicho kinachowashikilia hadi jioni. Kwa hao maziwa ya buluu si dhambi. Asilimia haisemi maziwa gani ni mazuri na gani ni mabaya. Inasema unachokipata, nawe ndiwe unayejua mengine unayokula.

Wako pia wanaonunua buluu, wakayachemsha, wakaengua utando wa juu wakiamini wameondoa mafuta. Hilo lilikuwa na maana kwa maziwa yaliyotoka zizini. Mengi ya maziwa ya dukani hapa yamepitishwa kwa shinikizo kubwa kwenye vitundu vidogo ili matone ya mafuta yavunjike na yasielee tena. Utando unaouona ukichemsha umeshikwa zaidi na protini, na mafuta yaliyonaswa humo ni kidogo; mengine yote yako ndani ya sufuria. Alama ya kukutambulisha ni hii: chupa ikikaa siku mbili kwenye friji bila krimu kujikusanya shingoni, kuengua hakutakusaidia. Nunua kijani.

Tahadhari yetu kubwa, hata hivyo, ni kwa makopo. Maziwa ya unga yenye krimu huandikwa mafuta kama asilimia 28, na tumewaona watu wakirudisha kopo kwenye rafu kwa hofu. Hiyo ni asilimia ya unga mkavu. Ukichota gramu 13 za unga huo ukakoroga upate kama mililita 100, umepata gramu 3.6 za mafuta: ni maziwa ya buluu yaleyale. Hatari iko kwenye mkono mwepesi. Anayetia unga mara mbili ili chai iwe nzito amekunywa mafuta mara mbili, na lebo haiwezi kumwambia.

Maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari, yanayopendwa kwa chai ya karaki na wenzetu waliokulia Maskati na Dubai, nayo yana kama gramu 9 za mafuta kwa gramu 100. Hayo ni maziwa yaliyopunguzwa maji. Mililita 50 katika kikombe zinakupa mafuta gramu 4 na nusu, si mbali na mililita 150 za buluu. Kwa hiyo usilinganishe asilimia ya kopo na asilimia ya chupa. Linganisha unachomimina: kiasi kinachoingia kikombeni, mara asilimia, gawa kwa mia.

Mwisho, neno kwa wenzetu wenye watoto hapa chuoni. Hesabu zote za juu ni za watu wazima. Ushauri wa NHS ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anywe maziwa ya buluu, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na anahitaji nguvu na vitamini A iliyomo kwenye krimu. Akitimiza miwili anaweza kuhamia kijani, maadamu anakula vizuri na anakua vizuri. Maziwa ya nyekundu, na yale ya asilimia 1, yasiwe kinywaji chake kikuu mpaka atimize miaka mitano. Kama baba na mama wameamua kunywa nyekundu, basi katika friji yao kuna haja ya chupa mbili.