Acheni kuvuta picha! Mchezo wa pikseli una hesabu zake

Wadau, leo naongea na wale wanaokuja kwenye laptopu ya kikundi, wanafungua RetroArch, na jambo la kwanza ni kuvuta picha mpaka ijaze skrini yote. Halafu wanawasha ulainishaji na kusema sasa inaonekana ya kisasa. Jamani, hapana. Hiyo si usasa, ni kuharibu kazi ya mtu.

Niseme kilichonikera. Dada mmoja wa kikundi chetu alichora mhusika wake mwenyewe kwa ajili ya mchezo wa Nintendo ya zamani, ile ya pikseli 256 kwa 240. Jicho la mhusika lilikuwa pikseli moja tu. Siku ya kuonyesha kazi, mgeni mmoja akatazama akasema, "Mchoro bado una makosa, jicho linachezacheza." Dada akarudi nyumbani kinyonge, akataka kulifuta. Kumbe mchoro haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa skrini.

Tupige hesabu. Laptopu yetu ina mistari 768 kwenda chini, mchezo una 240. Ukigawanya unapata 3.2. Lakini skrini haina pikseli ya sehemu ya tano! Kwa hiyo emyuleta inafanya hivi: mistari minne inapewa unene wa pikseli 3, wa tano unapewa 4, halafu inaanza tena. Mhusika akiruka, jicho lake linapita kwenye mstari mwembamba, kisha mnene, kisha mwembamba. Ndiyo maana linachezacheza. Ukiwasha ulainishaji huponi, unapaka tu ukungu juu ya jeraha, na sasa kila ukingo una rangi ambayo mchoraji hakuichagua.

Dawa ni kukuza kwa namba kamili. Mara 3, basi. Mara 3 ya 240 ni 720, inabaki mistari 48, yaani weusi wa 24 juu na 24 chini. Kila pikseli inakuwa na urefu sawa na mwenzake. Funga RetroArch kwanza, maana ikifungwa baadaye inaweza kuandika upya faili lako, kisha weka hivi kwenye `retroarch.cfg`:

```
video_scale_integer = "true"
video_smooth = "false"
```

Kuna wanaolalamika, "Mbona mnaacha nafasi tupu?" Ndugu yangu, vidole viwili vya weusi havimuumizi mtu. Afadhali picha ndogo ya kweli kuliko kubwa ya uongo.

Sasa tuje kwenye mistari myeusi. Wengine wanaiita uchafu. Televisheni za kioo kinene zilichora picha mstari kwa mstari, na mashine hizi za michezo zilitumia nusu tu ya mistari ya televisheni. Katikati kulibaki giza. Wachoraji wa wakati ule walichora wakitazama skrini za aina hiyo. Sheda, yaani programu ndogo inayopaka picha kabla haijafika kwenye skrini, inarudisha lile giza. Ukiwa ndani ya mchezo, fungua `Quick Menu`, kisha `Shaders`, upakie moja kutoka folda ya `scanlines`.

Lakini msiruke hatua! Sheda kabla ya namba kamili ni balaa. Kwa 3.2 mistari inapishana vibaya, na angani unaona mikanda mipana ya giza. Ukiona mikanda hiyo kwenye rangi moja tupu, jua ukuzaji wako si kamili. Kama umewasha namba kamili na mikanda bado ipo, angalia mpangilio wa kompyuta: huenda skrini imewekwa mistari michache kwenda chini kuliko 768 yake ya asili, kwa hiyo inavuta picha upya nyuma ya mgongo wako. Projekta nazo zina tabia hiyo hiyo.

Nakubali sheda ina gharama. Kwa mara 3, mstari mmoja kati ya mitatu ukiwa mweusi kabisa unapoteza theluthi ya mwanga. Mchana, mlango ukiwa wazi, hamtaona kitu. Punguzeni weusi kwenye `Shader Parameters`, ukiwa nusu mnapoteza sehemu ya sita tu. Na kwa michezo ya Game Boy msiwashe kabisa, ile haikuwa televisheni.

Dada hakufuta jicho. Tulikuza mara 3, likatulia. Nawaomba walezi na wageni wetu: kabla ya kumwambia kijana mchoro wake una kosa, ulizeni kwanza skrini inakuza mara ngapi.